Naomba ushauri: tangazo la kurekodi simu linamkata mteja

Habari zenu wadau. Naandika upya skripti ya wahudumu wa simu hapa Mombasa, upande wa mikopo midogo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mteja ajulishwe, kabla hatujachukua taarifa zake, kwamba tunazichukua na kwa sababu gani. Skripti ya zamani inafungua na "Mazungumzo haya yanarekodiwa kwa madhumuni ya ubora na mafunzo." Mteja aliyekatwa pesa mara mbili anadakia: "Dada, pesa yangu iko wapi?" Mhudumu anarudia tangazo toka mwanzo, na hapo hasira zinapanda.

Nimejaribu hivi: "Pole sana, naangalia sasa hivi. Simu hii inarekodiwa, tufuatilie malalamiko yako na kuwafunza wahudumu. Naomba namba ya kitambulisho." Masikioni ni afadhali sana, na sababu zote mbili zimo. Tatizo ni kwamba mteja akieleza kirefu, mhudumu anaruka tangazo na kuomba namba moja kwa moja.

Je, tangazo mnalifunga wapi ili lisirukwe? Na mnaruhusu mhudumu alibadilishe maneno, au sentensi hiyo moja inabaki neno kwa neno?