Kaka mmoja alikopa gari jipya, mwingine alinunua la zamani keshi: nifuate nani?

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Kaka zangu wawili walinunua magari mwaka mmoja, sasa ni miaka 6. Nisitaje hela za watu, tufanye bei ya gari jipya ilikuwa 100. Mkubwa alitoa kianzio 20, akakopa 80 kwa riba ya 15%, miaka 5. Benki ilikula 140. Leo wanunuzi wanamtajia 45. Mdogo wake alichukua lililotumika kwa 35, mafundi wamekula 30, na likiuzwa leo halizidi 15. Mkubwa anajisifu hajawahi kuvutwa kwa kamba. Mdogo amevutwa sana tu, ila hadaiwi. Mimi nina mshahara na akiba ya 40.

Kavukavu: Chukua jipya. Miaka mitano hujui hata sura ya fundi.

Bi Mahesabu: Fundi utamjua, maana usipofanya sevisi kwa wakati na kwa wanaotambuliwa, waranti inaweza kukataliwa. Turudi kwenye hesabu. Mkubwa ametoa 160, ukiondoa 45 gari limemgharimu 115. Mdogo ametoa 65, ukiondoa 15 ni 50. Bima na mafuta sijagusa, na mwenye mkopo kwa kawaida hulazimishwa bima kubwa. Lakini kilichomuumiza zaidi ni aina ya riba: walipiga 15% ya 80 yote kila mwaka, hata deni lilipobaki dogo. Riba ileile ingepigwa kwenye deni lililobaki tu, angelipa kama 114. Ukienda benki, usiulize asilimia peke yake. Uliza jumla ya marejesho yote.

Zakayo wa Bodaboda: Mimi nilikopa pikipiki, ikaibiwa, na marejesho bado naendelea nayo. Bima ingenilipa?

Bi Mahesabu: Kama ilikuwa bima ndogo, ya kulipa watu wengine tu, hapana. Mleta uzi, hivi ile tofauti mdogo aliiweka wapi?

Mleta uzi: Hilo hataki kulijibu. Nimeona moja la 35, mwenyewe anasema "linaongezwa maji kidogo" kila wiki.

Mzee Spana: Hapo simama kwanza. Na ukimpa 35 unabaki na 5, gia boksi ikigoma unaegesha. Tafuta la 28 hivi. Kama hilo bado unalitaka, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi. Fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo, shuku gasketi ya silinda hedi. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Mleta uzi: Ameniambia niende jioni, akitoka kazini nalo.

Mzee Spana: Likiwa la moto huo mfuniko usiuguse, utaungua. Mwombe asubuhi. Akikataa, tafuta jingine.