Naomba ushauri: jicho la mtoto wa wiki 3 linatoa machozi na tongotongo

Habari zenu wadau, mwanangu ana wiki 3, jicho la kushoto linalengalenga machozi hata asipolia, na asubuhi kope zinakuwa zimegandana kwa tongotongo za njano. Nilimpeleka kliniki maana niliambiwa uchafu wa macho ndani ya mwezi wa kwanza lazima uangaliwe kwanza, unaweza kuwa maambukizi aliyopata wakati wa kuzaliwa na hayo yanaharibu jicho haraka. Nesi akaangalia, weupe wa jicho ni safi na kope hazijavimba, akasema ni kamrija ka machozi kanakoshuka puani hakajafunguka, wengi kanafunguka kenyewe kabla ya mwaka.

Akanionyesha kumasaji: nanawa mikono, kucha fupi, nafuta jicho kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu ncha ya kidole naiweka kwenye kona ya jicho karibu na pua, nabonyeza kidogo na kushusha chini ubavuni mwa pua, mara 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku.

Sasa shida yangu, nikibonyeza usaha kidogo unarudi juu jichoni. Nesi alisema ni kawaida, nifute tu, ila mimi roho inanidunda jamani. Aliniambia nikimbie hospitali jicho likiwa jekundu, kope au hiyo kona ikivimba, akiogopa mwanga, homa, au usaha ukizidi.

Waliopitia hili, nyie mlibonyeza kwa nguvu kiasi gani? Na ilichukua muda gani kuisha?