Naomba ushauri: majaribio ya watoto chini ya miaka 12, Kisumu

Habari wadau. Jumamosi ijayo tunaita watoto kwa majaribio ya kandanda hapa Kondele. Kwenye mwaliko nimeandika walete nakala ya cheti cha kuzaliwa, njumu, soksi ndefu, vilinda ugoko na maji. Watacheza wanne kwa wanne, tukichanganya timu kila dakika 10 ili mtoto mzuri asifichwe na wenzake wabovu.

Kinachonisumbua ni umri. Wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na makocha wetu, mnawajua, hupenda miili mikubwa. Nafikiria kugawa jezi kwa mwezi wa kuzaliwa, namba 1 avae mkubwa kiumri kuliko wote, ili kocha akumbuke anamlinganisha nani na nani. Kuna aliyejaribu? Na asiye na cheti tumfanyeje?