Mtu akiwa sokoni, uso wake ni wa nani?

Kijana wa Kisauni
Wenzangu, mimi hufanya mahojiano ya mtaani hapa Mombasa na kuyaweka TikTok. Juzi nilikuwa Kongowea nikamhoji kijana mmoja, akakubali vizuri tu. Nyuma yake kuna mama ameinamia gunia la vitunguu, anaonekana kama sekunde nne hivi. Kesho yake akanitafuta, ataka niifute. Hakuhojiwa, hakutajwa, na soko ni la watu wote. Nifute? Na tangu lini kupiga video barabarani kukahitaji ruhusa?

Mwana wa Tononoka
Usifute. Mahali pa umma hapana faragha. Ambacho jicho langu laruhusiwa kukiona, na simu yangu itakiona. Katiba kifungu cha 33 kimenipa uhuru wa kujieleza. Asiyetaka kuonekana avute pazia akae kwake.

Mzee wa Kamera
Mwanangu wa Tononoka, nusu ya hayo ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo huwatia watu hasarani. Nimebeba kamera ya televisheni miaka zaidi ya ishirini. Ni kweli hakuna kifungu kinachosema kuinua kamera barabarani ni kosa. Lakini Katiba hiyohiyo ina kifungu cha 31, cha faragha, nacho hakisemi faragha huishia mlangoni pa nyumba. Hilo la "hadharani hakuna faragha" naona mmelitoa kwenye video za Wamarekani wanaokwenda kuwachokoza polisi wao kwa kamera. Hiyo ni katiba yao.

Hapa kwetu tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Uso wa mtu anayetambulika ni data yake, awe chumbani au kando ya gunia la vitunguu. Jicho lako likimwona, utamsahau kabla hujafika nyumbani. Simu yako inamweka, halafu wewe unamtuma kwa watu elfu hamsini. Sheria inakuuliza juu ya huko kuweka na kutuma.

Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, iliweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha pale, bila idhini yake. Ofisi ya Kamishna wa Data ikawatoza shilingi 1,850,000. Klabu imejaa watu, kila mtu anamwona mwenzake. Hilo halikuwasaidia.

Mwana wa Tononoka
Ile ni klabu, biashara, inatafuta wateja. Huyu ni kijana na simu yake.

Mzee wa Kamera
Hapo umenena. Mtu akijipigia picha za nyumbani, za harusi ya dada yake, sheria haimfuati. Lakini muulize huyu kijana wa Kisauni kama ukurasa wake ni wa nyumbani. Una tangazo? Kuna mtu anakulipa?

Kijana wa Kisauni
Kuna duka la simu hunipa kitu kidogo niwataje mwanzoni mwa video. Si kila wiki.

Mzee wa Kamera
Basi hesabu yako imebadilika.

Bi wa Nyanya
Mimi niko hukohuko Kongowea, nauza nyanya, na haya yamenifika. Alikuja kijana na maikrofoni ndogo, mpole, akaniuliza, "Mama, leo ukipewa milioni moja utafanya nini?" Nikacheka, nikasema kitu cha kwanza nitabadilisha mume. Mzaha wa sokoni, wenzangu wote wakaangua kicheko. Nilikubali kurekodiwa, sikatai. Mume wangu mwenyewe aliiona akacheka.

Baada ya miezi minne binti yangu akaniletea simu. Ni mimi, kicheko changu kilekile, lakini chini kumeandikwa nimepata mkopo kwa dakika tano. Ni tangazo la kampuni ya mikopo ya simu, jina nalihifadhi. Sijawahi kukopa kwao hata shilingi. Wanachama wa chama chetu wakaanza kuniuliza deni langu limefika wapi. Nilipompigia yule kijana akasema, "Lakini mama, si ulikubali?" Hilo neno lanikera hadi leo. Nilikubali nini?

Mzee wa Kamera
Bi, pole. Hilo swali la mwisho ndilo mjadala wote. Ulikubali kupigwa. Pengine ulikubali pia kuwekwa kwenye ukurasa wake. Kuuzia mkopo hukukubali, na kila kimoja kinaombewa ruhusa yake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka idhini ya waziwazi kabla data ya mtu haijatumiwa kibiashara. Kicheko si idhini, wala kunyamaza si idhini. Na anayepaswa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wao.

Kampuni ya simu ya Oppo ilichukua picha ya mtu ikaiweka Instagram bila ridhaa yake. Walitozwa shilingi milioni tano mwishoni mwa 2022, baada ya kukaidi agizo la Kamishna.

Ufanye hivi. Kabla hujagombana na mtu, muambie binti yako arekodi skrini tangazo likicheza, jina la akaunti lionekane, tarehe ionekane, na anwani ya video ainakili. Watu wengi huanza na simu ya matusi, tangazo linafutwa usiku, asubuhi hana ushahidi. Kisha iandikie kampuni: uso huu ni wangu, sikuwaruhusu, ondoeni na mniambie mliipata kwa nani. Wakikaa kimya au wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye anapaswa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Yule kijana naye mtaje. Kama aliwauzia klipu, ana kesi yake.

Bi wa Nyanya
Na ile ya kwanza, ya mzaha, naweza kuidai ifutwe? Siku hizi siitaki tena.

Mzee wa Kamera
Unaweza kuondoa idhini yako wakati wowote. Lakini siku ambazo ilikaa pale kwa ruhusa yako hazigeuki kuwa kosa. Kuanzia unapomwambia, ndipo anapaswa kuacha. Waliokwisha kuipakua na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, hao sikudanganyi, hutawafikia wote.

Jirani wa Bamburi
Nami naomba msaada. Jirani yangu amefunga kamera juu ya ukuta, inaangalia uani kwangu ninapoanika nguo. Hii nayo ni mahojiano?

Mwana wa Tononoka
Labda anahoji nguo zako.

Mzee wa Kamera
Hayo si ya sokoni, bwana, ila usidhani huna haki. Mwambie aigeuze ielekee lango lake. Akikataa, ofisi ni ileile.

Dada wa Kariakoo
Huku Tanzania nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Lakini nami ninarekodi mtaani, nataka kusema ambalo wazee wa televisheni hawalisemi. Ukimwomba mtu kwanza, unampoteza. Anavaa uso wa picha ya pasipoti, anaanza "kwanza kabisa napenda kukushukuru". Uzuri wa mtaani ni kumkuta mtu hajajiandaa. Nikiwaendea kumi kwa utaratibu, saba wananikimbia.

Mzee wa Kamera
Dada yangu, hilo si dogo, na nilihangaika nalo miaka mingi. Nilichofika ni hiki: kamera iwe chini, uombe kuongea tu. Sema jina lako na mahali video itakapokaa. Swali lenyewe usilitaje, hapo mshangao wako unabaki. Akimaliza, kamera ikiwa bado inawaka, muulize: "Niiweke TikTok?" Jibu lake likae ndani ya faili lilelile, usilikate ukalitupa. Mwonyeshe kipande, mpe namba yako, halafu usiweke usiku huohuo. Mtu aliyesema jambo la kujutia hulijutia kabla ya kesho adhuhuri. Mimi nilipigiwa simu za namna hiyo, nyingi saa mbili asubuhi.

Utapoteza baadhi, kweli. Lakini wale saba wanaokimbia wamekujibu tayari.

Dada wa Kariakoo
Wamenijibu, sawa. Ila wenzangu wasiouliza ndio wenye watazamaji, na sijaona mmoja wao aliyeshtakiwa. Hapo ndipo ninapobaki na swali langu.

Mpenda Haki
Mimi naona mnakwenda mbali mno. Juni 17, 2025, katikati ya Nairobi, polisi alimpiga risasi kijana mchuuzi wa barakoa kwa karibu kabisa. Kamera ziliona. Maafisa wawili wakakamatwa. Yule kijana alifariki mwisho wa mwezi. Nani angesema "samahani afande, niruhusu nikurekodi"? Mkiwafundisha vijana kuomba ruhusa kila mahali, wenye nguvu ndio watakaojificha nyuma ya hiyo faragha. Hawa maafisa watakuwa wa kwanza kunukuu sheria ya data.

Mzee wa Kamera
Sikupingi. Sheria imeacha mlango kwa uandishi wa habari wenye maslahi ya umma, na afisa aliye kazini na bunduki si sawa na mama wa vitunguu. Ninachoogopa ni kila mwenye simu kujiita mwandishi. "Ukipewa milioni utafanya nini" ina maslahi gani ya umma?

Mpenda Haki
Na nani ataamua? Wewe? Kamishna? Leo ni vichekesho, kesho mtu huyohuyo anahoji bei ya unga na serikali inachukia.

Mzee wa Kamera
Swali zuri. Mpaka huo mimi siwezi kukuchorea.

Kijana wa Kisauni
Sijajibiwa la kwangu. Yule mama simjui, hakusema neno. Nifute video nzima kwa sekunde nne?

Mzee wa Kamera
Si lazima yote. Mzibe uso, uipandishe upya, ile ya kwanza uiondoe. Ila angalia: ule ukungu wa programu za simu hufuata uso, na mtu akigeuka kichwa au akiinama, unamwacha wazi kwa nusu sekunde. Pitia picha moja moja, usiangalie ikikimbia. Halafu uso si kitu pekee. Leso yake, kibanda chake, bei aliyoiandika kwenye ubao, majirani watamjua kwa hayo. Kwake mama wa sokoni, majirani ndio watu anaowahofia, hao wageni elfu hamsini hana habari nao. Kama haizibiki, kata hizo sekunde nne.

Mara nyingine msimamishe unayemhoji mgongo ukielekea ukuta. Ukiweka njia ya soko nyuma yake, umewahoji wote wanaopita. Watoto wakiingia, hasa wenye sare za shule, zima kamera. Roma School, ile ya Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi, nao ni shule yao wenyewe.

Mwana wa Tononoka
Sawa, mzee. Lakini akimfutia huyu, kesho wanaokuja ni kumi.

Bi wa Nyanya
Mwanangu wa Kisauni, huyo mama ameinama wapi? Upande wa lango la malori au wa ndani?

Kijana wa Kisauni
Wa malori. Ana leso ya manjano.

Bi wa Nyanya
Namjua. Watu wa kwao hawajui kama anauza sokoni, amewaambia ameajiriwa dukani. Ifute leo, mwanangu.

Kijana wa Kisauni
Nimeificha kwanza. Nitakuja kesho asubuhi nimwone. Yule niliyemhoji naye ameshaanza kuniuliza video imekwenda wapi, maana aliwatumia marafiki zake wote.