Splati za Gausi: nitazamie kwenye kivinjari au kwenye SIBR, na vielea nivikateje?

PichaTanga: Habari zenu wakuu. Nimeizunguka mashua iliyopandishwa ufukweni kwa video ya simu, dakika tatu, nikatoa fremu 280. Kompyuta ilipomaliza kuijenga nikapata splati milioni 1.4, yaani madoa laini ya rangi yanayounda taswira, kwenye faili la PLY la MB 347. Nina njia mbili za kuitazama. Ya kwanza ni SIBR, ile iliyotoka pamoja na mradi wa INRIA mwaka 2023, kwenye kompyuta yenye kadi ya Nvidia. Ya pili ni programu ya antimatter15 inayofunguka kwenye kivinjari, na hiyo ndiyo naitaka zaidi kwa sababu mzee mwenye mashua anataka kuiona kwenye simu yake.

Kwenye SIBR mbao zinatulia. Kwenye kivinjari nikizungusha, omo inaonekana kama imechanika na mlingoti unatokeza mbele ya tanga lililokunjwa. Halafu kote kuna mabonge ya ukungu hewani, hasa nikiinua kamera juu kuliko nilivyopiga. Hivi ni tatizo moja au mawili?

Rehema3D: Ni mawili, kaka. Jaribu hivi: zungusha kwa nguvu, kisha acha kidole na usubiri sekunde mbili. Kinachojirekebisha chenyewe ni upangaji. Kinachobaki palepale ni kielea.

Splati zinapenyeza mwanga, kwa hiyo lazima zipakwe kwa kufuata umbali wake kutoka kwenye kamera. SIBR inazipanga upya ndani ya kadi ya michoro kwa kila fremu. Kivinjari kinampa prosesa kazi hiyo pembeni, na wakati anapanga, skrini inaendelea kuchora kwa mpangilio wa zamani. Ukigeuka haraka unaona mpangilio wa upande uliokwisha kuuacha. Kwenye simu prosesa ni dhaifu, basi mpasuko unakaa muda mrefu zaidi.

Juma_wa_Skani: Mkuu usihangaike na kuchagua kwa mkono. Vielea vyote ni splati hafifu. Fungua PLY, futa kila yenye `opacity` chini ya 0.1, umemaliza. Mimi nafanya hivyo kila siku na faili linapungua sana.

Mwana_Nyumba: Ukishasafisha utaichapa kwa mashine gani? Mimi natumia resini kwa vitu vyenye mbao nyembamba.

PichaTanga: @Mwana_Nyumba hapana ndugu, hii haina uso wa kuchapa, ni ya kutazama tu.

@Juma nimefuata ulivyosema. Ukungu umepungua kweli, lakini kamba ya jarari imetoweka kabisa na mbao za tezi zina matundu. @Rehema nimeacha kidole nikasubiri. Mpasuko wa omo umejifunga, ila mlingoti na tanga bado vimechanganyika hata nikikaa kimya. Sasa hicho ni kielea?

Rehema3D: Nianze na jarari. Namba iliyo ndani ya faili si ile inayochorwa. Programu inaipitisha kwanza kwenye fomula hii:

```
1 / (1 + exp(-opacity))
```

Weka 0.1 humo, unapata 0.525. Yaani umefuta kila splati isiyofikia nusu ya uzito. Ukitaka asilimia 5 halisi, kata kwenye -2.94. Hata hapo nenda taratibu. Kamba nyembamba mbele ya anga hujengwa kwa splati hafifu nyingi zilizolaliana, na kuna vielea vizito kabisa, vile vilivyoganda karibu na njia ya kamera. Uhafifu peke yake hautofautishi kamba na ukungu.

Kuhusu mlingoti, ulichosema kimenifanya niwaze kitu kingine. Fungua faili la mwanzo kwenye SuperSplat, programu ya kuhariri splati, nenda kwenye grafu ya chini uchague Distance, uniambie splati ya mbali kabisa iko wapi na mashua inachukua kiasi gani.

PichaTanga: Mashua kama 6. Ya mbali inakaribia 3000!

Rehema3D: Basi ndiyo hiyo. Programu ya antimatter15 haipangi kwa umbali kamili. Inachukua splati ya karibu na ya mbali kabisa, inagawa nafasi iliyo katikati kwenye vikapu 65,536, na kilichomo ndani ya kikapu kimoja hakipangwi tena. Kwako nafasi ni 3000, kwa hiyo kila kipimo 1 kinapata vikapu 22 hivi, na mashua nzima imebanwa kwenye 130. Mlingoti na tanga vinaangukia kikapu kimoja. Ukisubiri hata dakika kumi havitajitenga.

Kinachoivuta nafasi hiyo ni vipande vya anga na bahari. Mawimbi hayakai mahali pamoja kutoka fremu hadi fremu, na anga haina alama ya kushika, kwa hiyo kompyuta imeyatupa mbali ikakisia. Chagua kwa tufe la nusu kipenyo 6 kuizunguka mashua, geuza uteuzi, futa. Nafasi ikiwa 12, mashua inapata vikapu 32,000 na zaidi. Fanya hivyo kabla ya kugusa uhafifu wowote.

Nairobi_Vyumba: Tahadhari kwa wanaoskani ndani. Mimi napiga vyumba vya kupangisha. Niliweka boksi kwenye kuta nne nikafuta vya nje, na kioo cha bafuni kikabaki shimo. Taswira ya kioo ilikuwa imejengwa kama chumba cha pili nyuma ya ukuta, na mimi nikakifuta. Siku hizi naacha boksi lipite nyuma ya kioo.

Juma_wa_Skani: Dada Rehema, hilo la fomula sikulijua, asante. Lakini faili zangu ni za viatu na vyungu juu ya meza, na 0.1 haijawahi kuniharibia.

Rehema3D: Kiatu ni kitu kizima chenye splati nzito, kwa hiyo kinavumilia. Angalia kwenye nyuzi zake lakini.

PichaTanga: Nimerudi. Nimerejea faili la mwanzo, nikakata kwa tufe, zikabaki splati laki 9 na kitu. Mlingoti umesimama nyuma ya tanga hata kwenye kivinjari. Mabonge yaliyobaki karibu na mlingoti nimeyatoa kwa mkono. Nilijifunza kwa maumivu kwamba kwenye mwonekano wa vitovu uteuzi wa kuzungushia unapita hadi nyuma, mara ya kwanza ukanichukulia mbao za upande wa pili. Sasa nashusha kamera hadi bonge lionekane mbele ya anga tupu ndipo nazungushia. Jarari imebaki nzima.

Nimehifadhi kama `.splat`, baiti 32 kwa kila splati badala ya 248, imetoka MB 29 na simu ya mzee imeifungua. Ila mng'ao wa mafuta kwenye mbao hausogei tena ninapozunguka.

Rehema3D: Hautasogea. `.splat` inabeba rangi moja tu kwa kila splati, zile namba 45 za rangi kulingana na upande zimeachwa. PLY iliyobanwa ya SuperSplat inaweza kuzibeba ukitaka, kwa faili kubwa zaidi.

PichaTanga: Nitaijaribu. Simu yake bado inachelewa kidogo akizungusha haraka, omo inapasuka kisha inajifunga. Nikipunguza splati hadi laki 5 nahofia kuipoteza jarari. Kuna aliyewahi kupunguza mchanga peke yake bila kugusa chombo?