Tupeane uzoefu: kujiuzulu kamati ya chama, makabidhiano na tarehe ya kuanza kutumika

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, ninajiuzulu uhazini wa chama chetu cha wakazi baada ya miaka minne. Barua nimeshaiandika, ila nimekwama kwenye sentensi moja: niseme ninajiuzulu "kuanzia leo", au nitaje tarehe ya mbele? Waliopita njia hii naomba waniambie yaliyowakuta.

Mhazini wa zamani
Umenikumbusha jambo ambalo hadi leo linaniuma. Mimi niliandika "kuanzia leo" kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikampa katibu barua baada ya kikao, wala sikubaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Wiki tatu baadaye alikuja mjumbe mmoja akavichukua vitabu vyote ndani ya mfuko, bila orodha.

Miezi mitano ikapita, mkaguzi akagundua kwamba kitabu cha stakabadhi namba 151 hadi 200 hakipo. Nilikumbuka vizuri kwamba nilikiweka mfukoni kwa mkono wangu, kikiwa kimetumika kurasa kumi na mbili tu, lakini aliyepokea alisema hakuhesabu, nami sikuwa na karatasi ya kumpinga. Barua ilipotafutwa, katibu akasema aliipata mwezi mmoja baada ya tarehe niliyoandika, kwa hiyo mwezi huo wote nikahesabiwa kuwa bado mhazini. Nilisimama mbele ya mkutano mkuu nikiulizwa kama mwizi, na watoto wangu wakubwa wamekaa ukumbini. Kitabu hakijaonekana hadi leo.

Mjumbe wa kawaida
Pole sana. Kwetu kilichopotea kilikuwa kitabu cha hundi, na maneno yalikuwa hayo hayo.

Mpenda katiba
Tatizo halikuwa tarehe. Kujiuzulu hakuna nguvu mpaka kamati ikae na kukubali, basi.

Katibu mstaafu
Ndugu, hiyo ni nusu ya jambo. Zipo katiba zinazotaka ridhaa ya kamati, lakini nyingine husema uongozi hukoma kwa notisi ya maandishi, na kazi ya kamati huwa ni kuipokea na kuiingiza kwenye muhtasari wa kikao. Asome ibara ya kukoma kwa uongozi katika katiba ya chama chake kabla ya kutusikiliza sisi.

Kuhusu swali lenyewe, mwenzetu aliumia kwa sababu tarehe ya kuondoka ilitangulia makabidhiano. Tuseme barua inatolewa tarehe 1 Machi na katiba inataka notisi ya siku 30. Ningeandika hivi: "Ninajiuzulu nafasi ya mhazini kuanzia tarehe 10 Aprili. Vitabu vitafungwa tarehe 31 Machi, na makabidhiano yatafanyika tarehe 7 Aprili mbele ya mwenyekiti." Nimechagua mwisho wa mwezi ili salio la daftari lilinganishwe na taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo; hundi iliyotolewa ambayo haijapita benki itajwe kwa namba yake. Fedha taslimu zihesabiwe mezani, na kila kitabu cha stakabadhi kiandikwe namba ya kwanza, namba ya mwisho na ilipofikia, hata kile ambacho hakijafunguliwa. Mkabidhi, mpokeaji na shahidi watie sahihi nakala tatu, kila mmoja abaki na yake.

Mama wa kikundi
Mbona unatuacha, ndugu? Na ada uliyolipa ya mwaka itakuwaje?

Mwanzisha mada
Dada, ninaacha kamati tu, uanachama ninabaki nao. Nitaongeza sentensi hiyo kwenye barua.

Aliyechelewa kutoka
Mimi sikubaliani na kusubiri makabidhiano. Nilisubiri mrithi wangu apatikane, ukapita mwaka mzima nikiendelea kutia saini malipo ambayo sikuyaamini. Kata siku, ondoka.

Katibu mstaafu
Mrithi asipokuwepo, mkabidhi mwenyekiti. Siku haisogezwi kwa sababu hiyo. Ila benki haitakuondoa kwa barua yako peke yake. Kwa kawaida huomba barua ya chama pamoja na muhtasari wa kikao kilichobadilisha watia saini. Usiondoke bila kuona nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Aliyechelewa kutoka
Na kati ya tarehe 1 na 7 Aprili, hundi ikiletwa atie saini au asitie? Hapo ndipo mimi nilipokwama.

Mpenda katiba
Atie, bado ni mhazini.

Mhazini wa zamani
Asitie. Vitabu vimeshafungwa, na akitia saini itabidi salio lote liandikwe upya.

Mwanzisha mada
Nimefungua katiba yetu sasa hivi. Notisi ni siku 30, na barua hupelekwa kwa katibu. Katibu wetu naye alijiuzulu mwezi uliopita kwa mdomo tu, na daftari la mihtasari bado liko nyumbani kwake. Je, nimwandikie mwenyekiti?