Naombeni msaada: tagi, indeksi na ofseti kwenye kache, swali limenitoa jasho

MchelewaKipindi
Wakuu salaam. Alhamisi nina testi na swali hili la mwaka juzi nimelifanya mara tatu, jibu linagoma. Kache ni ile ambayo kila bloku ina mstari wake mmoja tu wa kukaa. Data ni baiti 1024, bloku baiti 16, anwani ni ya biti 16. Kache imeanza tupu. Zinasomwa kwa zamu `0x1A2C`, `0x1A24`, `0x162C`, `0x1A20`. Useme kila moja ni hiti au misi.

Mimi nimekata hivi: herufi ya mwisho `C` ni ofseti, `A2` ni indeksi, `1` ni tagi. Nikapata misi, hiti, misi, hiti. Mwongozo unasema ya mwisho ni misi. Nimekosea wapi?

NdimuKavu
Ofseti uko sawa, baiti 16 ni biti 4. Ila mistari ni 1024 gawa kwa 16, yaani 64, kwa hiyo indeksi ni biti 6 na tagi inabaki na 6. Wewe umeipa indeksi biti 8. Lakini ya mwisho hata mimi naona ni hiti, maana tagi ya `0x1A20` ni ile ile ya `0x1A2C` na ilishaingia tangu mwanzo. Mwongozo una makosa, hiyo miongozo ya kupigiana kopi siiamini.

MamaSaketi
Ndimu, mwongozo hauna kosa. Mchelewa, kilichokuponza ni kukata kwa kufuata herufi za heksa. Herufi moja ni biti 4, na biti 6 haziwezi kuangukia kwenye mpaka wa herufi. Andika biti zote, kisha ukate kutoka kulia:

```
0x1A2C   000110 | 100010 | 1100
0x1A24   000110 | 100010 | 0100
0x162C   000101 | 100010 | 1100
0x1A20   000110 | 100010 | 0000
```

Tazama safu ya kati: zote nne zinadai mstari wa 34. Ya kwanza ni misi, bloku ya tagi 6 inaingia. Ya pili iko ndani ya bloku hiyo hiyo, ni hiti. Ya tatu ina tagi 5, ni misi, na kwa kuwa kiti ni kimoja, tagi 6 inatolewa nje. Ya nne inarudi kuitafuta tagi 6 na kumkuta 5 amekaa. Misi. Ndimu amekata vizuri ila kasahau kwamba aliyeingia alishafukuzwa.

Mchelewa, kosa lako lilijionyesha lenyewe: `A2` ni 162, na kache ina mistari 64. Mstari wa 162 uko wapi? Ukitaka kuhakiki bila biti, `0x1A2C` ni 6700. Gawa kwa 16 upate bloku ya 418. Gawa 418 kwa 64: inakwenda mara 6, ndiyo tagi, inabaki 34, ndiyo indeksi.

NdimuKavu
Hapo kwenye kufukuzwa nimekubali. Nilikuwa nimeigeuza kache kuwa stoo.

FundiWaUsiku
Sisi tulifundishwa ofseti ni 2 kwenye swali kama hili, kwa sababu neno ni baiti 4, na bloku ina maneno manne. Tagi inakuwa 8. Nikifanya hivyo zote nne zinatoka misi!

MamaSaketi
Hiyo ni pale anwani inapohesabu maneno badala ya baiti. Hesabu yako kwa hali hiyo ni sahihi, `0x1A24` inahamia mstari wa 9. Mchelewa, karatasi inasemaje?

MchelewaKipindi
Imeandika "anwani ya biti 16" basi. Neno "baiti" lipo kwenye ukubwa tu. Na swali jingine mama: kwa nini indeksi isichukuliwe biti za juu kabisa, tagi ikae katikati? Kukata kungekuwa rahisi.

MamaSaketi
Chukua data iliyopangana kuanzia `0x1800` hadi `0x1BFF`. Ni baiti 1024, inaenea kache nzima. Biti 6 za juu za anwani hizo zote ni `000110`. Ukizifanya indeksi, bloku zote 64 zinagombea mstari wa 6, na mistari 63 imekaa bure. Kwa biti za kati, majirani wanapata kila mmoja mstari wake.

Kuhusu baiti au maneno, mwongozo unataka misi, hiti, misi, misi, kwa hiyo mtunzi alihesabu baiti. Alhamisi wasiposema, andika mstari mmoja juu ya jibu kwamba umechukulia hivyo.

FundiWaUsiku
Wa kwetu hata ukiandika anakata maksi.